Zamu ikifutwa saa tatu usiku, hasara ni ya nani? Uzi kuhusu saa za uhakika kwa vibarua

1/ Midahalo ya siasa ikigusa kazi, mada ya vibarua hupewa kama dakika mbili hivi. Mmoja anasema "tutawapa saa za uhakika kila wiki, na zamu ikifutwa ghafla walipwe." Mwingine anajibu "mtaua kazi." Watu wanapiga makofi, tunahamia ushuru. Leo tukae hapo kwa hizo dakika mbili. Mimi nasoma sayansi ya siasa, si wakili, lakini sheria zenyewe nimezisoma na ziko wazi kuliko midahalo. Sitataja mwanasiasa wala chama. Chukua chai, uzi ni mrefu kidogo.

2/ Kwanza tuelewane tunaongea kuhusu nani. Si mtu wa ofisi wa saa mbili mpaka saa kumi na moja. Ni mhudumu wa karamu hotelini, mpakiaji wa supamaketi, mtu wa usafi anayeitwa kukiwa na hafla, kijana wa ghala anayeitwa kontena ikifika. Kazi yake ipo, bosi wake anajulikana, lakini saa zake hazijulikani. Wiki hii zamu tano, wiki ijayo mbili. Anajua kupitia kikundi cha Watsapu. (Watu wa boda na wa programu za usafirishaji nawaacha kando leo. Swali lao la kwanza ni kama wanahesabiwa waajiriwa hata kidogo, na hilo linahitaji uzi wake.)

3/ Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho ili tusipotee. Ni mfano tu, nambari nimezitunga ziwe rahisi kuhesabu. Dada mmoja ni mhudumu wa karamu Nairobi. Zamu ni saa 8, analipwa shilingi 1,400, yaani 175 kwa saa. Ijumaa saa tatu usiku simu inalia: "Kesho hakuna kazi, mteja ameahirisha." Jumamosi hiyo alikuwa amekataa kazi nyingine ya kufua, na amelipa jirani 200 amshikie mtoto. Swali la huu uzi wote ni hili: kisheria, anadai nini?

4/ Jibu fupi la Kenya ya leo: karibu hakuna. Na sababu yake si kwamba vibarua hawana sheria. Wanayo. Sheria ya Ajira ya 2007 inawataja kwa jina. Shida ni kwamba sheria yetu inalinda saa uliyofanya, hailindi saa uliyoahidiwa. Ukielewa hiyo sentensi moja, umeshinda nusu ya wanaobishana kwenye runinga.

5/ Tuione ndani ya sheria yenyewe. Kibarua anaelezwa kuwa mtu ambaye masharti yake ni kulipwa mwisho wa kila siku, na haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Halafu kifungu cha 35 kinasema mkataba wa malipo ya kila siku unaweza kuvunjwa na upande wowote siku ikiisha, bila notisi. Weka hizo mbili pamoja. Kila jioni kazi yako inaisha. Kila asubuhi inaanza upya. Kwa hivyo bosi akifuta Jumamosi usiku wa Ijumaa, atakwambia hajavunja kitu, kwa sababu mkataba wa Jumamosi ulikuwa haujazaliwa.

6/ Wakili mzuri anaweza kusema ujumbe wa Watsapu ulikuwa ahadi, dada akakubali, basi ni mkataba na umevunjwa. Hoja si mbaya. Lakini nani ataenda kortini kwa 1,400? Nauli ya kwenda na kurudi, siku za kazi anazopoteza, na jina lake kutolewa kwa kikundi. Haki ambayo kuidai kunagharimu kuliko thamani yake iko kwa karatasi tu.

7/ "Lakini tuna mshahara wa chini!" Ndio, tunao. Agizo lililoanza kutumika 1 Novemba 2024 liliweka kima cha chini cha kibarua wa kawaida Nairobi, Mombasa na miji mingine mikubwa kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila marupurupu ya nyumba. Agizo hilo lina safu ya mwezi, safu ya siku na safu ya saa. Sasa angalia ujanja uliopo hapo. Kama unalipwa kwa siku, bosi anaweza kutii safu ya siku kwa asilimia 100, akuite siku sita tu kwa mwezi, na asiwe amevunja agizo. Kima cha chini kinapanga bei ya saa. Hakisemi utauziwa saa ngapi.

8/ Hapo ndipo watu hutaja kifungu cha 37, na wako sahihi kukitaja. Hiki ndicho kifungu kinachombadilisha kibarua. Ukifanya kazi siku zinazofuatana ambazo kwa jumla zinafika angalau mwezi mmoja, au kazi yenyewe si ya kuisha kabla ya miezi mitatu, mkataba wako unahesabiwa kuwa wa mshahara wa mwezi. Baada ya hapo kukuachisha kunahitaji notisi ya siku 28. Na kuna kitu wengi hawajui: kwenye hiyo hesabu, baada ya kila siku sita za kazi unahesabiwa siku moja ya mapumziko yenye malipo, na sikukuu ya umma ikianguka katikati nayo inaingia.

9/ Ndiyo maana mabosi wengine huwapumzisha vibarua kabla ya mwezi kuisha, halafu wanawaita tena baada ya siku chache. Umewahi kujiuliza kwa nini "kazi imepungua" kila tarehe 26 hivi? Sasa unajua. Hapo mabishano ya kisheria huanza: bosi anasema siku hazikufuatana, mfanyakazi anasema ukizijumlisha zinafika. Dada yetu wa zamu nne kwa wiki yuko katikati kabisa ya huo ugomvi.

10/ Tuseme ameshinda. Amebadilishwa kuwa wa mwezi. Je, sasa Jumamosi yake iko salama? Kifungu cha 37 kinampa notisi ya kuachishwa kazi. Hakisemi kitu kuhusu notisi ya kufutiwa zamu, na hakitaji ni saa ngapi kwa wiki. Hotelini wanaweza kusema "wewe bado ni wetu, hatujakufuta, ila wiki hii hakuna karamu." Notisi ya kufutwa kazi ipo kwa sheria, ya kufutiwa zamu haipo. Hilo ndilo pengo. Mwanasiasa akisema "sheria tayari ipo, tekelezeni kifungu cha 37," amejibu swali lingine.

11/ Sasa tuje kwa zile ahadi mbili. Watu huzichanganya, na ni vitu viwili tofauti. Ya kwanza ni saa za uhakika: kiwango cha chini cha saa kwa wiki ambacho bosi lazima akupe au akulipe. Hiyo inatibu njaa ya wiki tupu. Ya pili ni malipo ya kufuta: zamu ikishatangazwa, kuifuta ukiwa umechelewa kuna bei. Hiyo inatibu hasara ya Ijumaa saa tatu usiku. Unaweza kuwa na moja bila nyingine. Na kila moja ina mtego wake.

12/ Tuanze na saa za uhakika. Swali gumu ni: uhakika wa saa ngapi? Hakuna anayeamka na kusema kila kibarua apewe saa 40. Nchi zilizojaribu huangalia nyuma. Wanahesabu saa ulizofanya kweli kwa kipindi fulani, wanapata wastani, na huo wastani unakuwa haki yako. Hicho kipindi nitakiita dirisha la kuhesabu. Kila kitu kinategemea ukubwa wa dirisha.

13/ Rudi kwa dada. Zamu zake kwa wiki 12 ni hizi: 4, 4, 3, 5, 4, 2, 4, 4, 3, 5, 4, 6. Jumla 48. Wastani zamu 4 kwa wiki, yaani saa 32, yaani shilingi 5,600. Hesabu safi. Sasa chukua dirisha la wiki 4 tu, Januari, wakati karamu zimekauka: 2, 1, 2, 1. Jumla 6, wastani zamu moja na nusu, saa 12, shilingi 2,100. Ni dada yuleyule na hoteli ileile, lakini haki yake imeshuka hadi chini ya nusu kwa sababu mtu alichagua dirisha fupi. Dirisha refu linameza misimu. Dirisha fupi linampa bosi nafasi ya kuchagua msimu.

14/ Ayalandi ndiyo mfano ninaoupenda kwa sababu ni wa wazi. Sheria yao ya 2018, iliyoanza kutumika Machi 2019, inatumia dirisha la miezi 12. Wastani wako unawekwa kwenye mojawapo ya ngazi nane: saa 3 hadi 6, 6 hadi 11, 11 hadi 16, na kuendelea mpaka 36 na zaidi. Dada yetu mwenye saa 32 angeingia ngazi ya 31 hadi 36. Akiomba, bosi ana wiki nne za kumweka kwa hiyo ngazi, na kwa miezi 12 inayofuata wastani wa saa zake lazima ubaki humo. Angalia neno wastani. Wiki moja inaweza kuwa na zamu mbili, nyingine sita. Bosi bado ana nafasi ya kupumua. Asichoweza ni kukukausha mwaka mzima.

15/ Lakini kuna neno lingine hapo la kuangalia: "akiomba." Ayalandi mfanyakazi ndiye huanzisha. Sasa hebu lete hilo Nairobi. Kibarua anaenda kwa supavaiza kudai ngazi yake. Kesho jina lake halipo kwa kikundi, na hakuna aliyemfuta kazi, ni vile tu hajaitwa. Sheria yao inakataza kulipiza kisasi, na yetu inaweza kukataza pia, lakini kuthibitisha kwamba hukuitwa kwa sababu uliomba ni kazi ngumu. Uingereza wamegeuza mzigo: sheria yao mpya ya ajira, iliyopitishwa Desemba 2025, inamtaka mwajiri ndiye atoe pendekezo la saa za uhakika, na mfanyakazi ana uhuru wa kukataa. Kwa nchi ambayo watu huogopa kuomba hata payslipu, mimi nafikiri hilo ndilo umbo linaloeleweka.

16/ Huo uhuru wa kukataa una maana sana. Mimi mwenyewe nimefanya hizi kazi za karamu likizoni, katika hoteli moja ambayo haina haja ya kutajwa. Mwezi wa mitihani sikutaka saa za uhakika, nilitaka kuitwa nikiwa huru. Waliokuwa nami walikuwa na watoto shule na kodi ya nyumba, na wao walizihitaji mno. Kwa hivyo mtu akisema "vijana wanapenda uhuru wa ratiba," si uongo. Lakini pendekezo unaloweza kulikataa halimnyimi mwanafunzi uhuru wake, na linampa mama wa watoto wawili wiki anayoweza kuipangia.

17/ Ayalandi wana kitu kingine kidogo lakini kitamu. Kama mkataba unakutaka ukae tayari halafu wiki ipite hujaitwa, unalipwa robo ya saa hizo au saa 15, ile iliyo ndogo. Dada wa saa 32: robo ni saa 8, sawa na zamu moja, 1,400. Si pesa ya kutajirisha mtu. Ni bei ya kumwambia mtu "usiende mahali, tutakuita." Ila ukumbuke pia shimo lao: kanuni hiyo haiwashiki walio vibarua wa kweli wa mara moja moja, wala walioitwa kuziba dharura au mtu aliyekosekana. Kila sheria ya aina hii huacha mlango kama huo, na kila bosi mjanja huutafuta kwanza.

18/ Sasa ahadi ya pili, malipo ya kufuta. Hapa nina mifano mitatu, kila moja na tabia yake.

Afrika Kusini, tangu Januari 2019: ukifanya kazi chini ya saa nne kwa siku, unalipwa saa nne. Inawahusu wanaopata chini ya kiwango fulani cha mapato. Dada akifika, atumikie saa moja, aambiwe rudi nyumbani, analipwa 700 badala ya 175. Rahisi, kila mtu anaielewa, hata inspekta. Lakini soma maneno: "ukifanya kazi." Zamu iliyofutwa Ijumaa usiku kabla hajatoka nyumbani haiguswi moja kwa moja.

19/ Seattle, Marekani, tangu Julai 2017: ratiba itoke siku 14 mapema. Ikishatoka, ukipunguziwa saa unalipwa nusu ya saa zilizopotea. Dada angepata nusu ya 1,400, yaani 700, bila kutoka kitandani. Lakini inahusu maduka na mikahawa mikubwa tu, yenye wafanyakazi 500 na zaidi.

New York, kwa mikahawa ya vyakula vya haraka: ngazi. Zamu ikifutwa kati ya siku 14 na 7 kabla, dola 20. Chini ya siku 7, dola 45. Chini ya saa 24, dola 75. Kadiri unavyochelewa ndivyo unavyolipa.

20/ Mimi naona ngazi ndiyo yenye akili zaidi, na sababu ni ya kawaida kabisa. Hasara ya kibarua inakua kadiri muda unavyoyoyoma. Ukimwambia Jumatatu kwamba Jumamosi imefutwa, ana siku tano za kutafuta kingine. Ukimwambia Ijumaa usiku, Jumamosi imekufa. Akiwa tayari ameshuka kwa matatu hapo getini, imekufa na nauli juu. Bei moja kwa hali zote tatu humfanya bosi asiwe na haraka ya kusema. Ngazi inampa sababu ya kupiga simu Jumatano badala ya Ijumaa, na mara nyingi anajua tangu Jumatano.

21/ "Lakini mteja ndiye aliyefuta! Hoteli ina kosa gani?" Hii ndiyo hoja nzito zaidi ya upande wa waajiri, tuipe heshima yake. Chukua karamu ya watu 200, sahani shilingi 3,000. Hiyo ni 600,000. Hoteli nyingi huchukua amana, tuseme nusu, na mteja akifuta siku moja kabla harudishiwi yote. Wahudumu 20 kwa 1,400 ni 28,000. Kuwalipa nusu ni 14,000. Hoteli imeshika 300,000. Kumbe hatari ya mteja kufuta ilishatabiriwa, ikapewa bei, na ikalipiwa. Ni vile tu malipo yalisimama kwa meza ya meneja, na hasara ikateremka mpaka kwa mhudumu.

22/ Sasa geuza sarafu. Mama mwenye kibanda cha chakula Gikomba, ana vibarua watatu. Mvua imenyesha, soko limefurika, hakuna wateja. Yeye hana amana ya mtu. Kumtoza nusu ya mshahara wa watu watatu ni kumpiga mara ya pili. Ndiyo maana Seattle iliweka 500, na ndiyo maana sheria nyingi huacha nje mambo ambayo hakuna angeweza kuyaona. Kenya tukiweka sheria moja kwa hoteli ya nyota tano na kibanda, tutapata sheria ambayo kibanda hakiwezi kuitii na hoteli inajificha nyuma ya kibanda kuipinga. Hoja ya "mtaua kazi" ina ukweli hapo, kwa waajiri wadogo. Kwa wakubwa, waulizwe kuhusu amana.

23/ Sheria ikipita, itakwepwa vipi? Njia ziko tatu za kawaida.

Ya kwanza, kutotangaza ratiba. Kama hakuna zamu iliyotangazwa, hakuna ya kufutwa. Ujumbe unatoka saa kumi na mbili asubuhi: "Nani yuko karibu?" Kwa hivyo malipo ya kufuta bila lazima ya kutangaza mapema ni mlango bila ukuta.

Ya pili, kugawanya. Badala ya mtu mmoja mwenye zamu 4, wanaajiri wawili wa zamu 2, kila mmoja ana haki ndogo. Utaijua kwa kuangalia kikundi: watu wanaongezeka, kazi haiongezeki.

Ya tatu, ajenti. Hoteli inasema vibarua ni wa ajenti, ajenti anasema hoteli ndiyo iliyofuta. Uingereza waliliona hilo wakaingiza wafanyakazi wa maajenti ndani ya sheria. Muswada wowote wa hapa usiotaja ajenti, jua utaishia kwa ajenti.

24/ Je, lazima tungoje Bunge? Si lazima. Waziri wa Leba ana mamlaka, chini ya Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2007, kutoa maagizo ya mishahara na masharti ya kazi kwa sekta, na sekta ya hoteli imekuwa na agizo lake. Kanuni kama ya saa nne inaweza kuanzia huko. Njia nyingine ni makubaliano ya pamoja kati ya chama cha wafanyakazi na waajiri. Yakisajiliwa na Mahakama ya Ajira, yanakuwa sehemu ya mkataba wa kila anayehusika. Shida ni kwamba vibarua mara nyingi hawahesabiwi kwa hivyo vyama, na anayejadiliana hujadili kwa niaba ya waliomlipa ada.

25/ Kwa leo, kama wewe ndiye dada au kaka wa zamu, jambo moja la kisheria linakufaa sasa hivi. Ikiwa kesi itafika na mwajiri hana mkataba wa maandishi au maelezo ya kazi ambayo sheria ilimtaka akupe, kifungu cha 10 kinamwekea yeye mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti unayodai. Kwa hivyo weka kumbukumbu yako. Piga picha ujumbe wa zamu siku unapokuja, kwa sababu ujumbe hufutwa. Usifute ujumbe wa M-Pesa wa malipo. Andika kwa daftari tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na nani alikuita. Wiki 12 za daftari kama hilo ndizo zinazokupa wastani, na ndizo utakazobeba leba ofisi ukidai kifungu cha 37.

26/ Kwa sisi wengine tunaotazama midahalo, mwanasiasa akitamka "saa za uhakika" usipige makofi bado. Muulize manne. Dirisha la kuhesabu ni la muda gani? Nani anaanza, bosi kupendekeza au kibarua kuomba? Zamu ikifutwa, bei inapanda kadiri muda unavyokwisha au ni moja tu? Na ajenti yumo au hayumo? Uingereza wenyewe waliacha nambari nyingi za aina hii ziandikwe baadaye kwenye kanuni, na huko ndiko mvutano ulihamia. Ahadi bila hizo nambari ni kama zamu ya Watsapu: inaweza kufutwa usiku wa Ijumaa na usidai kitu.

27/ Kama umefanya kazi ya zamu na una mfano wa jinsi zamu zenu hufutwa, weka hapo chini, bila jina la kampuni. Nataka hasa kujua mliambiwa saa ngapi kabla. Uzi ujao: ada za ajenti wa kazi, nani hulipa nani.